Kata Penye Kiungo: Kugawa Epiki Kubwa Hadi Kazi za Siku Moja au Mbili

Ndugu zangu, dada na kaka mnaoandika programu na ninyi mnaosimamia wanaoandika, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nitazungumza juu ya kazi moja tu. Ilitushinda mara ya kwanza na tukaiweza mara ya pili, na kati ya mara hizo mbili watu walikuwa wale wale na mfumo ulikuwa ule ule. Tulichobadilisha ni mahali tulipopitisha kisu.

Epiki yenyewe, yaani ile kazi kubwa tuliyotakiwa kuigawa, iliandikwa kwa sentensi fupi: "Mteja aweze kuwa na namba zaidi ya moja ya simu." Ukiisoma unadhani ni kazi ya juma moja. Tulikuwa na jedwali la `wateja`, na ndani yake safu inayoitwa `simu`. Mteja mmoja, safu moja, namba moja. Walioujenga mfumo miaka iliyopita waliamini kila mtu ana namba yake moja, na imani hiyo ilikuwa imesambaa kila pembe: kwenye ujumbe unaotumwa kwa wateja, kwenye ripoti, kwenye fomu za kusajili, na hata mahali ambapo hakuna aliyekumbuka.

Mara ya kwanza tuliigawa hivi. Kadi ya kwanza: hifadhidata. Ya pili: seva. Ya tatu: skrini. Ya nne: majaribio. Kadi nne, watu watatu, kila mmoja na eneo analolijua. Ubaoni ilipendeza. Naamini wengi wenu mmeshagawa hivyo, maana ndivyo mfumo unavyochorwa: tabaka juu ya tabaka. Tatizo ni kwamba hakuna tabaka linaloweza kukamilika peke yake. Mwenye skrini alimsubiri mwenye seva, mwenye seva akamsubiri mwenye hifadhidata, na mwenye hifadhidata hakuthubutu kuunganisha kazi yake kwenye tawi kuu kwa sababu ingewavunjia wote.

Nakumbuka kikao cha asubuhi cha wiki ya tatu. Kijana wetu, mchapakazi kweli kweli, alisimama akasema, "Bado naendelea na ile ya hifadhidata, imebaki kidogo." Jana yake alisema hivyo hivyo. Na juzi yake. Sikumwuliza imebaki nini hasa, na nilipaswa kumwuliza, kwa sababu yeye mwenyewe asingeweza kujibu. Kadi yake haikuwa na mwisho. Kwa kadi iliyoandikwa "Hifadhidata", mwisho wake ni upi? Baada ya wiki saba tulikuwa na tawi lililotofautiana na tawi kuu kiasi kwamba kuliunganisha kulikuwa kazi kubwa kuliko kuandika upya. Tuliliacha.

Basi tulipoanza tena, swali la kwanza halikuwa "tabaka gani zipo?" wala "kila kipande kichukue saa ngapi?" Swali lilikuwa hili: ni wapi mfumo unaweza kusimama? Yaani, kati ya hali ya leo na hali tunayoitaka, ni vituo gani ambapo tunaweza kuunganisha kwenye tawi kuu, kuupeleka kwa wateja, kwenda nyumbani kulala, na mfumo ukaendelea kufanya kazi kama kawaida? Anayechinja hapasui mfupa katikati. Hupapasa mpaka akapata kiungo, hapo kisu kinapita bila kulazimisha. Epiki nayo ina viungo vyake. Ukivipata, vipande vinakuja vidogo vyenyewe. Usipovipata, unaweza kuandika "siku 2" juu ya kadi yoyote na bado ikakaa wiki tatu.

Hapa niseme jambo kuhusu vigezo ambavyo wengi mmefundishwa. Mwaka 2003 Bill Wake alitoa vigezo sita vya hadithi nzuri ya mtumiaji, vile vinavyofupishwa kwa herufi INVEST. Kimojawapo ni kwamba hadithi iwe ndogo, na kingine ni kwamba iwe na thamani kwa mtumiaji. Ni vigezo vizuri, kwa hadithi. Lakini nimeona timu zikivipachika kwenye kazi ndogo za ndani ya hadithi, kisha zinakwama, kwa sababu kuna vipande vya siku moja ambavyo mtumiaji hatavihisi kabisa. Jedwali tupu halimpi mteja chochote. Kwa kipande cha siku moja mimi nadai mambo mawili tu: kikiisha, mfumo uko salama, na mtu mwingine anaweza kukagua kwamba kimeisha bila kumwuliza aliyekifanya. Thamani naidai kwa epiki nzima, na naidai mapema kadiri inavyowezekana, ila siidai kwa kila kadi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kadi ya kwanza tuliipa nusu siku, na haikuwa na msimbo hata mstari mmoja. Kichwa chake: "Orodhesha kila mahali safu ya `simu` inaposomwa na inapoandikwa." Amri ilikuwa ya kawaida:

```
grep -rnw "simu" src/
```

Ilirudisha mistari mingi. Tulipoondoa maoni na majaribio, zilibaki sehemu 14: 11 zinasoma, 3 zinaandika. Orodha hiyo ndiyo iliyotuonyesha viungo. Sehemu 11 za kusoma zilijikusanya zenyewe katika mafungu matatu: 4 za kutuma ujumbe, 3 za ripoti, 4 za skrini. Za kuandika zilikuwa kusajili mteja, kuhariri mteja, na kuingiza wateja wengi kwa faili. Kabla ya nusu siku ile, mtu angekuambia tu "kuna sehemu nyingi zinazotumia simu." Neno "nyingi" haligawanyiki. 11 inagawanyika.

Kadi ya pili: tengeneza jedwali jipya, liwe tupu, asilitumie yeyote.

```sql
CREATE TABLE namba_za_simu (
  id       bigserial PRIMARY KEY,
  mteja_id bigint NOT NULL REFERENCES wateja(id),
  namba    text NOT NULL,
  ni_kuu   boolean NOT NULL DEFAULT false,
  UNIQUE (namba)
);
```

Kuna mwenzetu aliyeuliza, na swali lake lilikuwa la haki: "Kaka, kweli hii ni kazi ya kuandikiwa kadi? Ni dakika kumi." Kuandika ni dakika kumi. Kuipitia, kuiunganisha, kuipeleka kwenye mfumo halisi na kuhakikisha imefika, hiyo ni nusu siku. Ukihesabu kuandika peke yake, kila kadi itaonekana ndogo, na kila kadi itachelewa. Siku moja au mbili ninazozisema ni mpaka kazi iko kwa wateja.

Kadi ya tatu ndiyo ninayotaka mwiangalie kwa karibu. Tulijua kwamba siku moja tutalazimika kunakili namba za zamani kutoka `wateja` kwenda jedwali jipya. Desturi ni kuiacha kazi hiyo mwisho. Tuliileta mbele, lakini kama zoezi: andika amri ya kunakili, iendeshe kwenye nakala ya hifadhidata, linganisha idadi. Siku moja.

```sql
INSERT INTO namba_za_simu (mteja_id, namba, ni_kuu)
SELECT id, simu, true
FROM wateja
ON CONFLICT DO NOTHING;
```

Ilikwenda bila kosa lolote kwenye skrini. Kisha tukahesabu. Wateja walikuwa zaidi kidogo ya 400,000. Kwenye jedwali jipya walipungua karibu 1,400. Hakuna onyo, hakuna ujumbe wa hitilafu. Hao 1,400 walikuwa watu wanaotumia namba moja na mtu mwingine: mke na mume, mzazi na mtoto aliyesajiliwa kwa simu ya mzazi. Rudini kwenye jedwali letu mwone ule mstari wa mwisho, `UNIQUE (namba)`. Tulikuwa tumeandika, bila kufikiri, kwamba namba moja haiwezi kuwa ya watu wawili. Na yale maneno `ON CONFLICT DO NOTHING`, tuliyoyaweka ili amri iweze kurudiwa bila madhara, ndiyo yaliyowameza watu wale kimya kimya.

Marekebisho yalikuwa kadi ya nusu siku: ondoa kizuizi kile, weka `UNIQUE (mteja_id, namba)`. Ilikuwa rahisi kwa sababu jedwali lilikuwa tupu na hakuna anayelisoma. Kama tungeligundua baadaye, wakati fomu ya kusajili imeshaanza kuandika kwenye jedwali jipya, mzazi anayemsajili mtoto wake kwa namba yake angekataliwa na mfumo. Na katika jaribio letu la kwanza, lile la kadi nne, kizuizi hicho hicho kilikuwemo. Kilikaa humo wiki saba na hakuna aliyekiona, kwa sababu hakuna kipande kilichowahi kuisha hadi mtu akahesabu.

Ndiyo maana nasisitiza siku moja au mbili, wala si tano. Kazi ya siku mbili ikienda kombo, siku ya tatu asubuhi unajua. Kazi ya wiki mbili ikienda kombo, mwenye kazi anaweza kujificha humo kwa wiki mbili nzima, na anajificha bila nia mbaya, kwa sababu yeye pia hajui bado.

Baada ya hapo tulishughulikia wasomaji 11. Hapa kuna mbinu ambayo ikitumika vizuri inageuza kipande cha kutisha kuwa cha kawaida. Hatukuwahamisha wasomaji kwenda jedwali jipya. Tuliandika kazi moja ndogo ya msimbo, `nambaKuu(mteja)`, ambayo ilirudisha safu ile ile ya zamani. Haibadilishi kitu. Kisha tukabadilisha wasomaji mmoja mmoja waache kusoma `mteja.simu` moja kwa moja na waulize `nambaKuu` badala yake. Kadi tatu, kwa mafungu yale matatu: ujumbe, ripoti, skrini. Kila moja siku moja. Kila moja ikiisha, mfumo unafanya kile kile ulichokuwa ukifanya jana, na anayepitia msimbo ana swali moja tu la kujibu: je, kuna kilichobadilika? Kisipobadilika kitu, kazi ni sahihi. Sijui ukaguzi ulio mwepesi kuliko huo.

Angalieni pia kwamba kadi hizo tatu hazikutegemeana. Watu wawili waliweza kuzichukua siku moja bila kugongana, na mmoja alipougua, ya kwake ilikaa ikisubiri bila kuwazuia wengine. Katika mgawanyo wa tabaka, mtu mmoja kuugua kulisimamisha wote.

Kwa wale watatu wanaoandika tulifanya vivyo hivyo: kazi moja ya msimbo, `wekaNamba`, ila hii iliandika kote kuwili, safu ya zamani na jedwali jipya, katika muamala mmoja. Kusajili kadi moja, kuhariri kadi moja, kuingiza kwa faili kadi moja. Hii ya mwisho ilichukua siku mbili kamili na ilikuwa karibu kunishawishi niigawe tena.

Halafu ndipo tukanakili zile za zamani kwa kweli. Mpangilio huu si wa hiari. Ukinakili kwanza, kisha ndipo uanze kuandika kote kuwili, mteja atakayesajiliwa kati ya hatua hizo mbili anakosekana kwenye jedwali jipya, na hutamwona mpaka alalamike. Kwanza ziba tundu la leo, ndipo ujaze pengo la jana. Tulinakili kwa mafungu ya rekodi 1,000, tukipumzisha hifadhidata kati ya fungu na fungu, ili amri moja ndefu isiwafungie wateja. Amri ilikuwa imeshaandikwa na kujaribiwa kwenye kadi ya tatu, kwa hiyo hii ilikuwa nusu siku ya kukaa na kutazama.

Kisha kadi ya kulinganisha. Swali moja kwa hifadhidata, likiulizwa kila usiku:

```sql
SELECT count(*)
FROM wateja w
LEFT JOIN namba_za_simu n
  ON n.mteja_id = w.id AND n.ni_kuu
WHERE w.simu IS DISTINCT FROM n.namba;
```

Jibu linalotakiwa ni 0. Usiku wa kwanza lilikuwa 37. Wote 37 walikuwa wameingizwa kwa faili siku hiyo. Namba zao zilikuwa na nafasi tupu mwishoni. Njia ya zamani iliiacha ile nafasi, njia mpya iliikata. Nusu siku nyingine ya kurekebisha, na usiku uliofuata tulipata 0, na uliofuata 0, na tukasubiri wiki nzima ya sifuri huku tukifanya mambo mengine.

Kugeuza usomaji wenyewe, ile hatua iliyokuwa ikituogofya tangu mwanzo, ilikuja kuwa badiliko ndani ya `nambaKuu` peke yake, nyuma ya swichi. Washa, inasoma jedwali jipya. Zima, inarudi zamani. Wasomaji 11 hawakujua. Tuliiwasha asubuhi, watu wote wakiwa kazini, si Ijumaa jioni.

Mpaka hapa hakuna mteja aliyeona namba ya pili. Lazima niwe mkweli kuhusu jambo hili kwa sababu ndilo litakalowaletea maneno. Mwenye bidhaa alinijia wiki ya pili akauliza, "Ndugu yangu, namba ya pili iko wapi?" Ilikuwa haki yake. Nilimwonyesha ubao: kadi 8 zimekwisha, zote ziko kwenye mfumo halisi. Akasema, "Naziona. Lakini mimi nauza namba ya pili." Tulikaa naye tukapanga upya: kadi ya kuonyesha orodha ya namba kwenye skrini ya wahudumu wa ndani ililetwa mbele, ikatoka nyuma ya swichi wakati unakili ukiendelea. Haikutuma ujumbe wowote kwa namba ya pili, iliionyesha tu. Lakini wahudumu waliiona, wakaishika, na siku hiyo hiyo mmoja wao akauliza, mteja akifuta namba yake kuu, ipi inachukua nafasi yake? Hakuna aliyekuwa na jibu. Swali hilo liliandika kadi yake lenyewe, wiki nzima kabla hatujaanza kuandika kitufe cha kufuta.

Kwa hiyo mkipanga, tafuteni kipande kimoja chembamba kinachopita kutoka hifadhidata hadi jicho la mtu, hata kama hakijakamilika, kikae mapema kwenye foleni. Si kila kadi iwe hivyo. Moja tu kwa wiki inatosha kuwatuliza wanaosubiri, na mara nyingi ndiyo inayoleta maswali ambayo hayakuandikwa popote.

Namba ya pili ilipokuja rasmi ilikuwa kadi nne: kuonyesha, kuongeza, kufuta, kuchagua iliyo kuu. Mwanzoni zote zilikuwa kadi moja, na kichwa chake kilikuwa "Kuongeza na kusimamia namba." Mnaona lile "na"? Ninapopitia kadi, nalitafuta neno hilo kwanza. Karibu kila mara ndiyo kiungo, pamekatika tayari, kinachosubiriwa ni kisu. La pili ninalolitafuta ni kitenzi kisicho na mwisho: kusimamia, kushughulikia, kuboresha, kukamilisha. Kadi ikiitwa "Kuboresha fomu ya mteja," mwombe aliyeiandika amalizie sentensi hii: "Imekwisha pale ambapo..." Akiweza kwa mstari mmoja, na mtu mwingine anaweza kwenda kutazama, ni kadi. Akihitaji aya nzima, ndani yake mna kadi tatu au nne.

Na ikitokea kadi imeshaanza, na asubuhi ya tatu mwenzako anasema "bado naendelea," usimwongezee siku. Keti naye, fungueni alichoandika. Mwulize: katika hivi, ni kipi kinaweza kuunganishwa leo bila kuvunja kitu? Karibu daima kipo. Kiunganisheni, fungeni kadi kwa kubadilisha kichwa chake kiseme kile kilichofanyika kweli, na kilichobaki kipate kadi mpya yenye mwisho wake. Nimeona watu wakipumua. Anayebeba kadi ya wiki tatu anabeba aibu ya kila asubuhi, na aibu hiyo inamfanya azidi kuficha.

Kuna mahali mbinu hii inafika ukingoni. Uchunguzi ambao mwisho wake haujulikani hauwezi kukatwa kwa viungo, kwa kuwa bado hujaviona. Huo nauwekea saa na swali: siku moja, kujibu "je, maktaba hii inaweza kutuma kwa namba mbili kwa wakati mmoja?" Saa ikiisha tunaandika tulichokijua, hata kama ni kidogo, na tunaamua upya. Pia kuna kungoja watu wa nje. Kuomba idhini ni kazi ya saa moja na majibu yanakuja baada ya wiki. Hizo ni kadi mbili, kutuma na kupokea, vinginevyo kadi moja itakaa ubaoni kama maiti na kila mtu ataacha kuitazama.

Na msigawe epiki nzima siku ya kwanza. Sisi tulimaliza kwa kadi 22. Siku ya kwanza tuliandika 9. Zilizobaki zilizaliwa na kazi yenyewe: kizuizi kile cha namba, nafasi tupu, swali la namba kuu. Kama tungejifungia siku nzima kuandika kadi 22 kwa ukamilifu, kumi na kitu kati yake zingekuwa za kubuni, na tungezitetea kwa sababu tumezitolea jasho. Vipande vya wiki hii viwe vidogo na wazi. Vya mwezi ujao viache vikae kama mabonge, vitafikiwa. Wala msishuke hadi kadi za saa moja moja, kwa sababu kila kadi inadai kusomwa, kuhamishwa na kuulizwa, na mtu atakuwa akitumikia ubao badala ya mfumo.

Nimalizie na mkia wa epiki, maana huko ndiko timu nyingi zinakokimbia. Namba ya pili ilikuwa inafanya kazi, mwenye bidhaa ameridhika, na safu ya zamani bado ipo. Kadi zake zilikuwa tatu. Ya kwanza: msimbo uache kuiandika na kuisoma, na safu iruhusiwe kuwa tupu, kwa sababu ilikuwa `NOT NULL` na bila hivyo mteja mpya asingesajilika. Ya pili: ibadilishwe jina kwa wiki mbili, bila kufutwa.

```sql
ALTER TABLE wateja RENAME COLUMN simu TO simu_ya_zamani;
```

Ya tatu: ifutwe. Mwenzangu alitaka ya pili iruke, tuifute moja kwa moja, kwani `grep` ilikuwa haionyeshi kitu. Tukabishana kwa upole, tukaiacha kadi ilivyo. Siku ya nne ripoti ya mwezi ilianguka. Ilikuwa imeandikwa nje ya msimbo wetu, kwenye kifaa cha ripoti kinachoisoma hifadhidata moja kwa moja, na ndiyo maana ile nusu siku ya kwanza haikuiona. Tulirudisha jina kwa amri moja, dada wa ripoti akapata ripoti yake ndani ya dakika chache. Kadi ya 21 ikaandikwa: ripoti ya mwezi isome jedwali jipya. Siku moja. Tukabadilisha jina tena, tukasubiri ripoti ya mwezi uliofuata ipite.

Ikapita. Kesho yake asubuhi kijana yule yule, wa "imebaki kidogo," alichukua kadi ya 22 na kuendesha amri ya mstari mmoja, `ALTER TABLE wateja DROP COLUMN simu_ya_zamani;`. Kwenye kikao cha siku iliyofuata alisema, "Jana nimefuta safu. Leo sina kadi ya epiki hii." Tukaifunga.

Asanteni sana. Nipo hapa kwa maswali, na mwenye epiki yake mkononi aje nayo, tuipapase pamoja.